Fedha Ziko Benki au Bado Ziko Njiani?

Mwaka 2021, Kune, kampuni changa ya Nairobi iliyokuwa ikipika chakula na kukipeleka kwa wateja, ilitangaza kuwa imepata dola milioni 1 kutoka kwa wawekezaji. Juni 2022 ikafunga milango. Wateja ilikuwa nao, lakini bei ya sahani haikutosha kuibeba biashara, na wawekezaji wapya hawakupatikana. Aliyeajiriwa pale kwa kuvutiwa na habari za ile milioni alikuwa amesoma habari za kweli. Tatizo ni kwamba hazikumwambia pesa zinaisha lini.

Hilo ndilo swali la kwanza kwa mwanzilishi anayetaka kukuajiri, na wakati wake ni baada ya kupewa barua ya ajira, kabla ya kuitia saini. Hapo ameshakutaka, na wewe bado hujajifunga. Usiulize kama kampuni iko vizuri, maana hakuna atakayejibu hapana. Uliza mambo matatu: akaunti ina kiasi gani leo, kila mwezi mnatumia kiasi gani, na mnaingiza kiasi gani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanzilishi anasema benki kuna shilingi milioni 14.4. Matumizi ni milioni 2.1 kwa mwezi, mauzo ni 300,000. Kwa hiyo kila mwezi akiba inapungua kwa milioni 1.8, na kampuni ina miezi minane. Ila hesabu hiyo haijakuhesabu wewe. Kama mnaajiriwa watatu, na kila mmoja anagharimu 150,000 pamoja na makato na kompyuta, upungufu unafika milioni 2.25 na miezi inashuka hadi sita na kitu. Kutafuta wawekezaji kwa kawaida huchukua miezi kadhaa, kwa hiyo mwanzilishi huyu alipaswa kuwa ameshaanza. Muulize ameanza lini, na wakisema hapana atapunguza nini kwanza. Aliyejiandaa atakutajia hata nafasi zitakazokatwa. Akianza kukusimulia ukubwa wa soko la Afrika, umeshajibiwa.

Angalia pia maneno anayotumia. “Tumepata” huweza kumaanisha pesa zimeingia, au mkataba umesainiwa na pesa zitatolewa kwa awamu kampuni ikifikisha idadi fulani ya wateja, au kuna mtu tu aliyeonyesha nia. Ni ya kwanza pekee inayolipa mishahara.

Kuhusu wingi wa kazi, maswali ya jumla huzaa majibu ya jumla: “sisi hapa ni familia.” (Familia nyingi, tunajua, hazilipi saa za ziada.) Afadhali uliza kazi hii nani aliifanya mwezi uliopita, na mara ya mwisho mfumo ulipokwama usiku ni nani aliyeamshwa. Jina lile lile likijirudia, ujue jina linalofuata ni lako. Kisha omba kuzungumza na mfanyakazi mmoja aliyepo na mmoja aliyeondoka, bosi asiwepo. Aliyepo muulize kama michango yake ya NSSF inaonekana kwenye taarifa yake. Kampuni inayokaukiwa mara nyingi huanza kwa kuchelewesha makato, kwa sababu mshahara ukichelewa kila mtu hujua siku hiyo hiyo, lakini makato hayaonekani upesi.

Mshahara ukiwa mdogo, utaahidiwa hisa. Hapo usikubali idadi peke yake: hisa 5,000 hazina maana mpaka ujue kampuni ina hisa ngapi kwa jumla. Uliza pia zinakuwa zako lini. Utaratibu uliozoeleka ni miaka minne, na ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kuisha hupati hata moja. Halafu uliza wawekezaji wanatangulia kulipwa kiasi gani kampuni ikiuzwa. Kama waliweka milioni 40 na wana haki ya kuzirudisha kwanza, kampuni ikauzwa kwa milioni 50, nyinyi wengine mnagawana 10. Ukipata asilimia 1 ya hizo, ni shilingi 100,000, pengine chini ya mshahara wako wa mwezi mmoja.

Mambo yakiharibika, sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya mwezi mmoja, na alipe kiinua mgongo cha angalau siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Soma tena hilo neno “uliotimia”: ukiachishwa baada ya miezi minane, kwa hesabu hiyo hupati kitu. Kwa hiyo, ukiwa unaacha kazi ya kudumu, omba barua yako iandike notisi ya miezi miwili au mitatu. Mwanzilishi mwenye fedha ataweza kukubali. Asipokubali, mwombe akuonyeshe tena ile hesabu ya miezi.