Nyundo, bushi mbili na nafasi iliyobaki: hesabu ndani ya mashine ya kusaga

Mahindi ya Uwanda wa Ufipa husagwa karibu na yanakolimwa. Kutoka Sumbawanga mjini hadi Laela, Matai na Namanyere, mashine ya nyundo ni kifaa cha kawaida, na karakana za kuchomelea na kukereza huzitengeneza na kuzifufua. Ndani yake kuna kipimo kidogo ambacho hakiandikwi kwenye kipande chochote cha chuma, kwa kuwa chenyewe si chuma. Ni nafasi inayobaki pembeni ya nyundo baada ya vipande vyote kupangwa.

Rota ya mashine hii ni shafti yenye diski kadhaa zilizosimama sambamba. Pini ndefu hupita kwenye matundu ya diski hizo, na nyundo, ambazo ni vipande bapa vya chuma, huning'inia kwenye pini. Kati ya diski na diski mna vipande vitatu vilivyopangwa kwa mfuatano: bushi, nyundo, bushi. Bushi huiweka nyundo katikati. Shafti ikizunguka, nyundo hunyooka kwa nguvu ya mzunguko, hupiga punje, na ikikutana na kitu kigumu hurudi nyuma badala ya kuvunjika. Ili irudi, lazima iwe huru. Rota ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha ya nyundo iliyo sentimita 20 kutoka katikati ya shafti huenda karibu mita 63 kwa sekunde. Nyundo moja iliyokwama kwa pembe isiyo sahihi kwa kasi hiyo huharibu mizania ya rota, na mtetemo huishia kwenye beringi.

Tuchukue mfano wa karakana moja. Kila bushi ina urefu wa milimita 12 na nyundo ina unene wa milimita 8, hivyo vipande vitatu vinafanya 32. Umbali kati ya diski mbili uwe kiasi gani? Mtu akijibu 32, nyundo haitacheza. Akijibu 35, itatangatanga kando, itagonga bushi na diski, na matundu yatachakaa upesi. Tuseme fundi ameamua kwamba nafasi ndogo kabisa inayokubalika ni milimita 0.2 na kubwa kabisa, mashine ikiwa mpya, ni 1.5.

Hiyo 0.2 haitokani na joto, ingawa wengi hudhani hivyo. Chuma cha milimita 32 kikipanda nyuzi 50 hurefuka kwa takriban milimita 0.02 tu, tena umbali wa diski nao huongezeka kwa joto hilohilo. Adui wa kweli ni unga. Vumbi laini huingia kwenye mwanya, hupata unyevu, huchanganyika na kutu, kisha huganda na kuishika nyundo.

Sasa tuje kwenye tofauti za vipimo. Hakuna kipande kinachotoka kamili. Mkerezaji mzuri atakata bushi ya 12 kwa tofauti ya 0.1 juu au chini. Bamba la nyundo linatofautiana zaidi, tuseme 0.3 juu au chini. Umbali wa diski zilizochomelewa kwa macho na rula nao uwe 0.3 juu au chini. Nafasi ni umbali wa diski ukitoa vipande vitatu, kwa hiyo tofauti zote nne hukutana ndani yake. Hata zile tunazozitoa haziondoki: bushi ikizidi nafasi hupungua, ikipungua nafasi huongezeka.

Njia ya kwanza ni kujiandaa kwa siku mbaya kuliko zote, vipande vyote vikiwa vimekosea kwa upande mmoja. Tunajumlisha: 0.1 ya bushi, 0.3 ya nyundo, 0.1 ya bushi ya pili na 0.3 ya diski. Jumla ni 0.8. Ili nafasi isishuke chini ya 0.2, inabidi tulenge 1.0, yaani diski zikae milimita 33. Lakini siku ya upande wa pili nafasi itafika 1.8, na kikomo chetu ni 1.5. Mpango huo haufai.

Njia ya pili ni ya takwimu. Husema kwamba si rahisi makosa yote manne yaangukie upande mmoja kwa pamoja, basi tusiyajumlishe moja kwa moja. Tunachukua kila tofauti, tunaizidisha kwa yenyewe, tunajumlisha majibu, kisha tunatafuta kipeuo cha pili. Hapa tunapata 0.01, 0.09, 0.01 na 0.09, jumla 0.20, ambayo kipeuo chake ni karibu 0.45. Tunalenga 0.65, na nafasi inatarajiwa kuwa kati ya 0.2 na 1.1. Kwenye karatasi tatizo limekwisha bila gharama yoyote.

Ni karatasini tu. Njia hii ina sharti: kila kosa liwe la bahati, lisilojua kosa la mwenzake, na liyumbe pande zote mbili za kipimo kinacholengwa. Karakana yetu inalivunja sharti hilo mara mbili. Nyundo zote za rota hukatwa kwenye bamba moja, kwa hiyo bamba likiwa nene, zote ni nene. Na kuchomelea huvuta chuma kinapopoa, hivyo diski zikivutwa kuelekeana, hukaribiana zote kwa mtindo uleule. Bamba lenye 8.3 likikutana na diski zilizopungua 0.3, nafasi ya 0.65 inabaki 0.05 hata kama bushi ni kamili. Wala haitakuwa nyundo moja. Rota nzima itashikwa.

Kwa hiyo turudi kwenye njia ya kwanza, na tuulize ni tofauti ipi inayostahili kubanwa. Kumsukuma mkerezaji afike 0.05 kwa kila bushi kunapunguza jumla kwa 0.1 tu, nafasi ya juu inabaki 1.6, na kazi yake inakuwa ghali. Mzigo mkubwa uko kwenye bamba na kwenye diski. Bamba hatulitengenezi sisi. Diski tunazichomelea wenyewe.

Dawa ni kuweka kizuizi cha chuma kati ya diski wakati wa kuchomelea, na kukiacha hadi zipoe kabisa. Kiwe cha kabari mbili zinazotelezeana, kwani kipande kimoja kizima kitabanwa na kugoma kutoka. Tuseme vipimo baada ya kupoa vinaonyesha tofauti imeshuka kutoka 0.3 hadi 0.15. Jumla mpya ni 0.65, nafasi ya kulenga ni 0.85, na diski zinakaa 32.85. Tuhakikishe: diski zilizokaribiana zaidi ni 32.70 na vipande vinene zaidi ni 32.50, inabaki 0.20. Diski zilizoachana zaidi ni 33.00 na vipande vyembamba zaidi ni 31.50, inabaki 1.50. Mipaka yote miwili imetimia.

Kuna fundi atakayesema hesabu hii haina haja, kwamba yeye hupanga vipande, hupima nafasi, kisha hukereza bushi ya mwisho hadi ikae. Kwa rota iliyo mbele yake ni kweli, na kazi yake itakuwa nzuri. Lakini mwenye mashine aliyeko Namanyere atabadilisha nyundo zilizolika bila lethi karibu. Bushi iliyokatwa kwa ajili ya nyundo moja haiahidi chochote kwa nyundo inayofuata. Hesabu ndiyo inayoruhusu kipuri kikae kwenye mashine ambayo mtengenezaji wake hajaiona.

Kukagua ni rahisi, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu na mkanda umetolewa. Inua kila nyundo kwa kidole uiachie. Iliyo huru huanguka yenyewe. Isukume upande mmoja pamoja na bushi zake, kisha ingiza fila kwenye mwanya. Ikiwa nyundo chache tu zimeshikwa, tafuta slagi iliyobaki kwenye kingo zake baada ya kukatwa kwa moto, kwani huongeza unene ambao haumo kwenye hesabu. Iondoe kwa grenda. Zikishikwa zote, pima bamba kwa kalipa kabla ya kumlaumu mkerezaji. Kila furushi la nyundo za akiba litoke karakanani na maandishi haya: unene usipungue 7.7 wala usizidi 8.3. Nje ya hapo nafasi ya 0.85 haimlindi tena mwenye mashine, na nyundo hizo zikataliwe dukani kabla ya kufungwa.