Picha Inayosubiri Sauti

Nyumba nyingi za kupanga Marekani zina kuta za fremu za mbao zilizofunikwa kwa bodi za jasi. Sauti hupita humo bila shida. Kwa familia ambayo baba anafanya zamu ya usiku kwenye bohari na kurudi kulala asubuhi, huku watoto wakiwa nyumbani kwa likizo, televisheni ya sebuleni huwa ugomvi wa kila siku. Waswahili wengi wanaoishi huko wanatazama televisheni kwa kijiti au kisanduku cha Roku, na baadhi yao hawajui kwamba ndani yake mna njia ya kuzima spika za televisheni na kuisikia sauti kupitia simu ya mkononi, mtu akiwa na hedifoni zake masikioni.

Roku walianza jambo hili kwa rimoti. Kisanduku chao cha Roku 3, kilichotoka mwaka 2013, kilikuja na rimoti yenye tundu la kuchomeka hedifoni ubavuni. Ukichomeka, televisheni inanyamaza. Mwaka 2016, kijiti kipya kilihamishia kazi hiyo kwenye programu ya simu, na huo ndio mtindo uliobaki kwa watu wengi. Unafungua programu ya Roku, unaingia kwenye ukurasa wa rimoti, unagusa alama ya hedifoni, na sauti inahama. Kuanzia hapo unaipandisha na kuishusha kwa vitufe vya simu yenyewe.

Masharti ni machache. Simu na kijiti lazima viwe kwenye waifai moja, kwa sababu sauti haitoki kwenye intaneti kuja simuni. Kijiti kinaipokea filamu, kinatenganisha sauti, kisha kinaituma kupitia ruta ya nyumbani hadi kwenye simu. Kwa hiyo safari hiyo ya ziada hailambi bando. Ndiyo maana pia mgeni aliyepewa waifai ya wageni huona programu haikipati kijiti hata kama kiko mbele ya macho yake: mitandao ya wageni huwa imewekwa ili vifaa visionane. Ikiwa waifai ni moja na bado simu haikioni, tazama kwenye televisheni, `Settings`, kisha `System`, kisha `Advanced system settings`, kisha `Control by mobile apps`. Huenda mtu alifunga mlango huo.

Kilicho kigumu katika kazi hii yote ni muda. Sauti inayopita hewani lazima ikatwe vipande, isafirishwe, ipangwe upya na isubiri kidogo simuni ili kipande kilichochelewa kisiache pengo. Yote hayo yanakula sehemu ya sekunde, na hakuna namna ya kuiharakisha sauti ambayo bado haijafika. Wahandisi wakafanya kinyume: waliichelewesha picha. Programu inakiambia kijiti icheleweshwe kwa kiasi gani, na kijiti kinaizuia picha kwa muda huo kabla ya kuipeleka kwenye kioo. Ukigusa alama ya hedifoni unaweza kuiona picha ikisita kidogo. Hiyo ni picha inayorudi nyuma ili kuingojea sauti, na mimi naona hapo ndipo palipo na ustadi wote wa kifaa hiki.

Usahihi unaotakiwa si mdogo. Chama cha kimataifa cha mawasiliano, ITU, kimeandika katika mwongozo wake wa utangazaji kwamba watazamaji huanza kugundua kasoro sauti ikitangulia picha kwa takriban milisekunde 45, lakini ikichelewa hawagundui hadi ifike kama milisekunde 125. Tofauti hiyo inatokana na maisha yetu. Ukimtazama mtu anayepasua kuni ng'ambo ya bonde, unaliona shoka likitua kwanza, kisha ndipo unasikia mlio. Ubongo umezoea sauti kuja nyuma ya tukio, na haujazoea kabisa sauti kulitangulia.

Sasa turudi kwa yule baba wa zamu ya usiku. Amelala, na mkewe anatazama taarifa ya habari. Akichomeka hedifoni za waya kwenye simu, midomo ya mtangazaji na maneno vinakwenda pamoja. Akibadilisha na kuvaa zile ndogo zisizo na waya, midomo inatangulia na maneno yanafuata. Simu imeipokea sauti kwa wakati, lakini sasa inabidi iifungashe tena na kuituma kwa Bluetooth, na hedifoni nyingi za kawaida huongeza kati ya milisekunde 100 na 300. Kijiti hakina namna ya kujua kuhusu safari hii ya pili kama hakijaambiwa.

Namna nzuri ya kupima ni kumwangalia mtu anayeongea akiwa karibu na kamera, na kungoja herufi zinazofunga midomo: b, m na p. Midomo ikifunguka na herufi ikafuata baadaye, picha inahitaji kucheleweshwa zaidi. Katika mipangilio ya programu kuna sehemu ya kurekebisha tofauti hii. Tangu mwaka 2021 ipo pia njia ya kutumia kamera ya simu, ambapo unailekeza kwenye televisheni na programu inafanya hesabu yenyewe. Ukibadilisha hedifoni, rudia kipimo, kwani kila aina ina ucheleweshaji wake.

Kukwaruza na kukatika kwa sauti ni tatizo jingine, na watu wengi hukilaumu kijiti. Jaribu kwanza hedifoni za waya. Kama mikwaruzo inakwisha, tatizo ni Bluetooth. Mara nyingi chanzo ni kwamba Bluetooth na waifai ya gigahezi 2.4 zinatumia masafa yaleyale, na simu moja inajaribu kupokea kwa moja na kutuma kwa nyingine kwa wakati mmoja. Ihamishe simu kwenye waifai ya gigahezi 5 kama ruta inayo. Lakini kama mikwaruzo inabaki hata kwa waya, isogeze simu karibu na ruta. Na kama sauti inakatika kabisa kila kioo cha simu kinapozimika, hapo simu yenyewe inaifunga programu ili kuokoa betri. Iondoe programu hiyo kwenye mpango wa kubana betri.

Ipo mipaka ambayo hakuna marekebisho yatakayoiondoa. Kijiti kinaweza kutuma sauti inayopita ndani yake tu. Ukihamia kwenye king'amuzi au mashine ya michezo iliyochomekwa tundu jingine la televisheni, simu haitapata kitu, kwa sababu sauti hiyo haijapita kwenye kijiti. Pia, sauti ikihamia simuni, spika za televisheni zinanyamaza kwa wote waliopo. Baadhi ya visanduku vya Roku vinaruhusu simu nne kusikiliza pamoja, jambo linalowafaa watu wawili wanaotazama filamu usiku wakati watoto wamelala.

Halimfai mzee ambaye masikio yamepungua nguvu na anataka sauti kubwa kwake peke yake, huku wajukuu wakisikiliza kwa spika kama kawaida. Kwa mzee huyo nunueni hedifoni za televisheni zenye kituo chake kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la sauti nyuma ya televisheni. Kabla ya kulipa, hakikisheni kwamba televisheni yenu haizimi spika tundu hilo linapotumika, kwani nyingine huzima.