Roketi Iliyovaa Sketi

Katika Kijerumani, kijiko ni cha kiume, uma ni wa kike, na kisu hakimo huku wala kule. Ni der Löffel, die Gabel na das Messer. Vyombo vitatu vinavyokaa kwenye droo moja, kila kimoja na ngeli yake, na hakuna chochote katika umbo la kitu kinachoeleza kwa nini. Sketi, der Rock, ni ya kiume. Msichana, das Mädchen, yumo katika ngeli ya tatu, ile isiyo ya kiume wala ya kike.

Mzungumzaji wa Kiswahili hashangazwi na ngeli. Anazo nyingi kuliko Mjerumani. Kinachomchosha ni kwamba nomino nyingi za Kijerumani haziitangazi ngeli yake kama kiti na viti vinavyojitangaza. Inabidi ikaririwe pamoja na neno lenyewe. Na wanaoikariri si wachache. Tangu 2007, sheria ya Ujerumani inamtaka kwa kawaida mtu anayemfuata mume au mke wake huko aonyeshe kwanza kwamba anajua Kijerumani cha msingi. Mwezi wa Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi. Kwa wengi, mlango wa kwanza ni mtihani wa ngazi ya A1 wa Taasisi ya Goethe, ambao orodha yake ya msamiati ina maneno yapatayo 650.

Mengi kati ya hayo huingia kichwani kwa mazoezi ya kawaida darasani. Yanabaki thelathini, pengine hamsini, ambayo mtahiniwa huyaona leo, kesho akayasahau, na keshokutwa akayakuta mapya kabisa. Hayo sugu ndiyo yanayostahili mbinu ambayo wasemaji wa Ugiriki na Roma ya kale waliitumia kukariri hotuba ndefu.

Cicero, mwanasheria wa Roma, aliandika mwaka 55 kabla ya Kristo kuhusu mshairi Simonide aliyetoka nje ya karamu muda mfupi kabla ya paa kuanguka. Miili ya wageni ilipondeka isitambulike, lakini Simonide aliweza kumtaja kila mmoja kwa kukumbuka alikuwa ameketi wapi. Iwe kisa hicho kilitokea au la, funzo walilolitoa Warumi ni thabiti: akili ya binadamu hushika mahali kwa urahisi kuliko inavyoshika orodha. Kitabu kingine cha Kilatini cha karne hiyohiyo, kiitwacho Rhetorica ad Herennium, kinatoa maelekezo ya kazi yenyewe. Vituo vyako viwe na umbali wa futi 30 hivi, visiwe na giza wala mwanga wa kuumiza macho. Kila kituo cha tano kiwekewe alama, kwa mfano mkono wa dhahabu, ili mtu asipotee njiani. Na picha ziwe za kushtua, zenye damu au matope au kichekesho, kwa sababu mambo ya kawaida husahaulika upesi.

Kwa msamiati wa lugha ngeni, jumba la kumbukumbu peke yake halitoshi. Ukiweka kijiko barazani, utakumbuka kijiko, lakini hutakumbuka Löffel. Panahitajika daraja la sauti. Mwaka 1975, Richard Atkinson na Michael Raugh wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani walilipima daraja hilo kwa wanafunzi waliojifunza maneno 120 ya Kirusi. Kundi moja lilipewa, kwa kila neno, neno la Kiingereza linalosikika kama sehemu yake, nao wakaunda picha inayounganisha neno hilo na maana. Kundi jingine lilijifunza kwa namna lililotaka. Katika mtihani uliofuata, kundi la picha lilipata asilimia 72 na lile jingine asilimia 46. Wiki sita baadaye walitahiniwa tena bila kuonywa, wakapata asilimia 43 dhidi ya 28.

Kwa Kijerumani, Kiswahili kina madaraja ya sauti mazuri ajabu. Teller, yaani sahani, husikika kama tela la lori. Hemd, shati, hutamkwa karibu na hemt, nayo iko hatua moja kutoka hema. Brille, miwani, inaanza kama birika. Gabel inakaribia kabeji, Rock inaanza kama roketi, na Löffel inamwita lofa. Messer inasikika kama meza. Daraja halihitaji kufanana na neno zima. Mwanzo ukishapatikana, mdomo hukumbuka uliobaki.

Sasa tumchukue mtahiniwa wa Mombasa mwenye wiki tatu kabla ya mtihani. Jumba lake ni nyumba aliyokulia, ambayo anaweza kuipita akiwa amefumba macho. Anaigawa mara tatu: maneno yote ya der yanakaa barazani, ya die ukumbini, na ya das uani. Mgawanyo huu ndio moyo wa kazi yote. Hakuna haja ya kumvalisha kila mwanasesere suruali au gauni ili kuonyesha jinsia. Akikumbuka picha iko wapi, ngeli imeshapatikana.

Anaanzia barazani. Kwenye ngazi limekwama tela, na juu yake zimepangwa sahani pana kuliko magurudumu yake. Zinaporomoka moja moja na kupasukia miguuni pake. Kwenye nguzo imesimama roketi ndani ya sketi kubwa iliyofunika baraza nzima, na pindo la sketi limeanza kushika moto. Juu ya benchi kuna kijiko kikubwa kuliko benchi lenyewe, na ndani yake amelala lofa anayekoroma. Anaingia ukumbini. Kwenye kabati birika inachemka huku imevaa miwani ambayo vioo vyake vimeenea ukuta hadi ukuta, vyote vimefunikwa na mvuke. Kwenye kiti imekaa kabeji, na uma mrefu kama mwanadamu umeichoma mpaka maji yanachuruzika. Uani, kwenye kamba ya nguo, limeanikwa shati lenye ukubwa wa nyumba. Chini yake pamekingwa hema dogo, na watu wanatoka humo kupitia mikono ya shati.

Kila picha inataka nusu dakika hivi ya kuiona, kuisikia na hata kuinusa, huku neno likitamkwa kwa sauti pamoja na der, die au das yake. Maneno kumi kwa siku yanatosha. Anayeweka arobaini kwa jioni moja kwa kawaida huishia na picha zilizofanana, na picha zilizofanana hulana.

Lipo kosa moja linalowanasa wengi, na Messer inalionyesha vizuri. Siku ya kwanza mtahiniwa anaweka chini ya mwembe meza yenye kisu juu yake. Kesho yake anasikia Messer, anakwenda uani, anaiona meza, anajibu: meza. Daraja limegeuka kuwa maana. Tatizo linaongezeka anapojifunza der Tisch, ambayo ndiyo meza hasa. Picha ya kwanza ilikuwa ya kawaida mno, kwa kuwa kisu juu ya meza huonekana kila siku, na hakuna kilichomwambia macho yake yaangalie kipi. Dawa ni kanuni moja isiyovunjwa: kitu kinachobeba maana kiwe kikubwa kupita uhalisia, na kitu kinachobeba sauti kibaki na ukubwa wake. Kisu sasa ni kirefu kuliko mwembe. Kimeanguka kutoka matawini na kuipasua meza vipande viwili. Ndiyo maana sahani, sketi, miwani na shati pia zilivimba. Mtu akishaizoea kanuni hiyo, huuliza tu: kipi hapa ni kikubwa?

Kosa la pili linatokana na kusoma kwa macho bila kusikia. Kuchen, keki, imeandikwa kana kwamba inaanza na kucha. Picha ya keki iliyotapakaa kucha inashika mara moja, kisha inamharibia mtahiniwa sehemu ya kuzungumza, kwa sababu ch ya hapo hutamkwa kama kh ya kooni. Daraja lichaguliwe baada ya kulisikia neno kutoka kwa mwalimu au kwenye rekodi, si kabla.

Picha pia huchakaa, na hili mashabiki wa mbinu hulipita harakaharaka. Mwaka 1992, Alvin Wang na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba waliotumia maneno ya sauti waliongoza walipopimwa papo hapo, lakini walisahau kwa kasi zaidi kadiri muda ulivyopita. Mtahiniwa wetu kwa hiyo anatembea nyumbani mwake, bila karatasi, jioni ileile, kesho yake, siku ya nne, kisha baada ya wiki. Kituo kitakachokuwa kitupu hakihitaji kukaririwa zaidi. Kinahitaji picha nyingine.

Yako maneno ambayo hayafai kabisa kuwekwa humo. Schon, noch na doch hayana umbo la kuchorwa, na maana yake hubadilika kwa jinsi yalivyokaa katika sentensi. Hayo hujifunzwa ndani ya sentensi fupi zinazorudiwa mpaka ziwe za mdomoni. Wingi wa nomino nao hauonekani barazani: wanaojua der Rock bado wanapaswa kujifunza die Röcke kwa mazoezi.

Kikwazo kikubwa zaidi ni mwendo. Katika mtihani wa A1, sehemu ya kusikiliza ina matangazo ambayo husikika mara moja tu. Hakuna nafasi ya kwenda uani kutafuta shati. Katika sehemu ya kuzungumza, mtahiniwa huvuta kadi yenye neno moja na kutakiwa kuuliza swali papo hapo. Kwa hiyo, neno likishakaa kituoni kwa siku chache, lianze kutolewa: mwenzake asome orodha bila mpangilio, Kijerumani kwanza, naye ajibu ndani ya sekunde mbili; kisha wageuze, Kiswahili kwanza. Kila neno linalojibiwa bila picha kujitokeza limehitimu, na halina haja ya kutembelewa tena.

Siku mbili za mwisho haziongezwi picha mpya. Picha changa huingiliana na zile zilizokwisha kukomaa, na anayesikia Teller akaona kabeji amejipunguzia alama alizokuwa nazo tayari. Siku hizo ni za sentensi: maneno yaliyobaki barazani, ukumbini na uani yanatungiwa kila moja swali na jibu, kwa sauti, pamoja na der, die au das yake.