Swali la Shilingi Elfu Moja: Kumsaili Mpima Programu Anayeanza Kazi

Ofisi inayotengeneza programu za simu ikitafuta mpima programu anayeanza kazi, ambaye ofisini humwita testa, usaili mara nyingi huanza na maswali ya daftari. Eleza tofauti kati ya ukubwa wa kasoro na uharaka wa kuirekebisha. Taja aina za upimaji. Msailiwa aliyekesha akisoma atayajibu yote, na wasaili watabaki hawajui anavyofikiri. Cheti nacho hakiwafikishi mbali. Mtihani wa ngazi ya kwanza wa ISTQB, bodi ya kimataifa ya vyeti vya upimaji iliyoanzishwa mwaka 2002, una maswali 40 ya kuchagua jibu, na anayepata 26 amefaulu. Kuusomea kunampa mtu msamiati ambao kazini atauhitaji. Lakini kazini hakuna anayekuwekea majibu manne uchague moja. Unapewa skrini, na maswali ya kuiuliza unayatafuta mwenyewe.

Kwa hiyo naona heri mpe msailiwa kitu kimoja kidogo akipime, kisha umsikilize. Mbinu hii ina umri. Mwaka 1979 Glenford Myers, Mmarekani aliyeandika kitabu kuhusu ufundi wa kupima programu, alikifungua kwa jaribio la namna hii: kuna programu inayopokea namba tatu, ambazo ni urefu wa pande za pembetatu, na inasema kama pande zote zinalingana, kama ni mbili tu, au kama hakuna zinazolingana. Utaipima kwa namba zipi? Myers aliweka mambo 14 ya kujisahihisha nayo, akaeleza kwamba watengeneza programu wenye ujuzi mkubwa walipata wastani wa 7.8. Jambo mojawapo ni namba 1, 2 na 3, ambazo haziundi pembetatu yoyote, kwa kuwa pande mbili fupi zikijumlishwa zinakuwa sawa kabisa na ile ndefu.

Kwa usaili wa Dar es Salaam au Nairobi, pembetatu tunaweza kuiacha, tukachukua skrini ambayo kila msailiwa anaijua: ya kutuma pesa kwa simu. Mwambie hivi: kuna sehemu ya kuandika namba ya mpokeaji, sehemu ya kiasi, na kitufe cha Tuma. Kiasi cha chini ni shilingi 1,000 na cha juu ni 1,000,000. Utaipimaje? Mpe karatasi na kalamu, umwachie dakika kama 15, na umruhusu ajibu kwa lugha anayofikiria. Testa ataandika ripoti kwa Kiingereza pengine, lakini leo unatafuta namna anavyowaza, na usaili wa Kiingereza unaweza kukufichia mtu mzuri aliyekwama kwenye neno.

Jibu dhaifu huja haraka sana. Nitaandika 5,000 nione kama inakwenda, halafu 50,000, halafu 200,000, halafu nitaandika herufi nione kama inakataa. Anaonekana ana bidii, na namba zinaongezeka. Tatizo ni kwamba zile namba tatu zote zinauliza swali lilelile. Zote zimo katikati ya kiwango kinachoruhusiwa, na programu inayopokea moja karibu kila mara itapokea na nyingine. Tuseme mtengeneza programu aliandika hivi:

```
if (kiasi > 1000 && kiasi < 1000000) {
    tumaPesa(kiasi);
}
```

Kosa ni alama ya "sawa na" iliyosahaulika pande zote mbili. Ilipaswa kuwa `>=` na `<=`. Programu hii itapokea 5,000, 50,000 na 200,000 bila shida, na testa wetu ataandika kwamba imefaulu. Siku ikitoka, mama anayetaka kumtumia mwanawe shilingi 1,000 kamili atakataliwa, ingawa skrini yenyewe inamwambia kiasi cha chini ni 1,000. Angalia pia kwamba hata 999 isingelifichua kosa hili, kwa sababu inakataliwa kwa haki. Linafichuliwa na 1,000 yenyewe na 1,000,000 yenyewe. Ndiyo maana jibu imara linataja 999, 1,000, 1,000,000 na 1,000,001, na ukimuuliza kwa nini, msailiwa anasema kwa maneno yake kwamba makosa hupenda kukaa mipakani, pale mtu anapolazimika kuamua kama mpaka umo ndani au uko nje. Si lazima ajue jina la kitabuni la mbinu hiyo. Anayelijua jina lakini akachagua namba za katikati amekuonyesha kitu muhimu kuhusu alivyosoma.

Ila dalili ninayoithamini zaidi hutokea kabla ya namba yoyote kuandikwa. Msailiwa mzuri huuliza. Kiwango hiki ni cha muamala mmoja au cha siku nzima? Senti zinaruhusiwa? Ada ya kutuma inakatwa juu ya kiasi au ndani yake? Swali hilo la ada peke yake linatosha kumtofautisha. Chukua mtu mwenye salio la 10,000 anayetaka kutuma 10,000, na ada ni 350. Kama ada inakatwa juu, muamala lazima ukatae, na mpaka mwingine unazaliwa ambao haukuandikwa popote kwenye skrini: salio la 10,350 linapaswa kupita, la 10,349 likwame. Msailiwa aliyelifikia hili ameona kwamba kiasi halali kinategemea pia kilichobaki mfukoni. Asiyeuliza chochote, hata akiandika majaribio 30, anapima programu aliyojitungia kichwani, na kazini atafanya hivyohivyo.

Baada ya hapo msukume kidogo: mtu amebonyeza Tuma, mtandao umekatika, hakuona jibu, akabonyeza tena. Karibu kila msailiwa atasema ni lazima kupima kama pesa hazikutumwa mara mbili. Vizuri, lakini hilo ni nusu ya jibu. Muulize utajuaje. Aliye dhaifu atasema nitaangalia kama skrini imeandika kwamba muamala umefanikiwa. Aliye imara haiamini skrini. Ataangalia salio la mtumaji kabla na baada, salio la mpokeaji, taarifa ya miamala, na ujumbe mfupi uliofika, kisha ataangalia kama vyote vinne vinakubaliana. Akiongeza kwamba angesubiri dakika kadhaa na kuangalia tena, kwa sababu ombi la kwanza linaweza kuwa limechelewa njiani, huyo ameshaelewa namna mifumo ya pesa inavyoharibika.

Wapo pia wanaofikiria watu wenyewe, na hawa nawapenda. Mmoja atasema nitaandika namba ya simu kwa 07, kwa 255 na kwa +255, kwa sababu watu wanaihifadhi kwa namna zote hizo. Mwingine atauliza juu ya majina: mpokeaji akiitwa Ng'wandu au Ng'ang'a itakuwaje? Alama ile ya ritifaa ndiyo inayofunga maneno ndani ya amri za hifadhidata, na programu iliyoandikwa ovyo hudhani jina limeishia kwenye Ng. Zaidi ya hapo, baadhi ya simu huandika ritifaa iliyopinda (’) na nyingine iliyonyooka ('), kwa hiyo mteja aliyesajiliwa kwa moja anaweza asionekane akitafutwa kwa nyingine. Kijana aliyekulia kati ya majina haya ana data ya kupimia ambayo mtaalamu wa mbali hana, na inasikitisha anapoisahau kwa sababu anadhani usaili unataka mifano ya Wazungu.

Swali la pili liwe la maandishi, maana testa anasomwa kuliko anavyosikilizwa. Mwambie aandike ripoti ya ile kasoro ya shilingi 1,000. Ripoti dhaifu itasema: sehemu ya kiasi haifanyi kazi vizuri, irekebishwe haraka. Mtengeneza programu akiisoma hajui aanzie wapi, atajaribu 5,000, itakubali, na ataifunga. Ripoti imara inasema: nilikuwa na salio la 20,000, nikaandika namba sahihi ya mpokeaji, nikaandika 1,000, nikabonyeza Tuma. Nilitarajia muamala upite kwa kuwa skrini inasema kiasi cha chini ni 1,000. Badala yake umekataliwa. Nimerudia mara tatu, matokeo yaleyale, 1,001 inapita. Kisha toleo la programu na aina ya simu. Sentensi ile ya 1,001 ndiyo ya kuitafuta. Imempunguzia mwenzake nusu saa, na inaonyesha mtu ambaye akikuta kasoro huendelea kuchimba mpaka aone inapoanzia.

Halafu mrudishie ripoti yake ukiwa umevaa kofia ya mtengeneza programu: kwangu inafanya kazi. Hapa majibu dhaifu ni mawili na yanapingana. Mmoja atasema sawa, huenda nimekosea, yeye ana uzoefu kunishinda. Mwingine atasema nitampelekea bosi. Wa kwanza ataacha kasoro zipite kwa heshima, wa pili atafanya watu wamkwepe. Anayefaa huuliza kwanza kinachotofautiana: wewe una toleo lipi, akaunti ipi, uliandika kiasi gani? Kisha husema, kaka, naomba nije mezani kwako tujaribu pamoja. Kwenye mfano wetu, swali la kiasi peke yake lingemaliza ubishi, kwa sababu yule alijaribu 5,000.

Wasaili nao wana kosa lao, nalo ni kuhesabu. Aliyeandika majaribio 25 anapewa alama kuliko aliyeandika tisa, hata kama 20 kati ya yale 25 yanarudia jambo moja. Kosa jingine ni kumtoa mtu mapema kwa kuwa mwanzoni alinyamaza. Anayeanza kazi hajawahi kuulizwa hivi, na mwingine ana woga wa siku hiyo tu. Dawa yake ni kidokezo. Mwambie: fikiria 1,000 yenyewe, itakuwaje? Mpe muda, umsikilize akilieleza, kisha badilisha tatizo kabisa. Sasa ni fomu ya mkopo, na mwombaji anatakiwa awe na umri wa miaka 18 hadi 60. Aliyelipokea somo ataandika 17, 18, 60 na 61 bila kuambiwa. Ambaye ataandika 25 na 40 hajalipokea, na kwa nafasi ya mtu ambaye kazi yake kwa mwaka mzima wa kwanza ni kujifunza, hilo lina uzito kuliko ukimya wake wa mwanzo. Na mara mojamoja utampata atakayekuuliza kama miaka 60 inakwisha siku ya kuzaliwa au siku moja kabla ya kutimiza 61, na mteja aliyezaliwa tarehe 29 Februari mfumo utamhesabia 18 lini katika mwaka usio mrefu.