Mzunguko wa mazao usomwe kama hesabu ya ekari moja

Fungua daftari la mwanafunzi wa stashahada ya kilimo wiki moja kabla ya mtihani, ukurasa wa rutuba ya udongo na mzunguko wa mazao, na aghalabu utakuta muhtasari wa aina ile ile: faida za mzunguko zimepangwa kwa namba, kuanzia "huongeza rutuba" hadi "hupunguza magugu na magonjwa", kisha mistari miwili ya kanuni, kwamba zao la mizizi mirefu lifuatwe na la mizizi mifupi na nafaka ifuatwe na mikunde. Muhtasari huo ni mfupi na unakaririka, lakini umeacha nje kitu kimoja ambacho mtihani wa kuandika unakidai na mtihani wa vitendo hauwezi kufanyika bila hicho, nacho ni sababu yenye kiasi. Hoja yangu ni kwamba sura hizi mbili zifupishwe kwa kuandika hesabu ya ekari moja ya shamba kwa misimu miwili au mitatu: kirutubisho gani kimetoka, kimetoka na nini, kimerudi kwa njia ipi, na pengo limebaki kiasi gani. Naitrojeni peke yake inatosha kuanzia, kwa kuwa ndiyo ambayo mzunguko unaigusa zaidi na ndiyo ambayo madaftari mengi yanaikosea.

Chukua ekari ya mahindi inayotoa magunia 10 ya kilo 100, yaani tani moja ya punje. Punje za mahindi zina naitrojeni kama asilimia 1.6 ya uzito wake, kwa hiyo kilo 16 za naitrojeni zinaondoka shambani ndani ya magunia hayo. Mabua nayo yanakaribia tani moja na yana kilo 7 hivi. Yakibaki shambani, kilo hizo 7 zinarudi polepole kadiri yanavyooza. Yakikatwa kwa ajili ya ng'ombe au yakichomwa moto, zinapotea pia, maana naitrojeni ya mabua yaliyochomwa karibu yote huenda na moshi. Hapo jumla ya kilichotoka ni kilo 23. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 wenye naitrojeni asilimia 46 una kilo 23 zile zile. Mwanafunzi akiliona hilo mara moja kwenye karatasi yake, hatahitaji tena kukariri kwamba mahindi mfululizo huchosha ardhi. Ataweza pia kueleza kwa nini mfuko mmoja hautoshi kurudisha kilichochukuliwa: mmea mara nyingi hupata nusu tu au pungufu ya naitrojeni iliyowekwa, nyingine hupotea hewani urea inapoachwa juu ya udongo, na nyingine huzama na maji ya mvua chini ya upeo wa mizizi.

Msimu unaofuata ekari hiyo ipandwe maharage. Hapa daftari linasema mikunde huongeza naitrojeni, na hapa ndipo hesabu inapolipinga daftari. Tuchukulie mavuno ya magunia manne, kilo 400. Punje za maharage zina naitrojeni kama asilimia 3.5, zaidi ya mara mbili ya mahindi, hivyo kilo 14 zinatoka ndani ya magunia hayo manne. Mashina, majani na maganda yana kama kilo 5, tukiiacha pembeni mizizi. Mmea mzima basi umekusanya kilo 19. Sasa swali ni kiasi gani kati ya hizo kimetoka hewani kupitia vinundu vya mizizi. Maharage ya kawaida ni dhaifu katika kazi hiyo kuliko mikunde mingi, hasa aina za kichaka zinazokomaa kwa miezi mitatu: vinundu huanza kuonekana wiki mbili au tatu baada ya mbegu kuota na kazi yao hufifia maganda yanapojaza. Tukiyapa asilimia 40, yamevuta kutoka hewani kilo 7 na nusu hivi, na kilo 11 na nusu zilizobaki zimetoka kwenye udongo. Mkulima akiyang'oa mashina yote na kwenda kuyapura nyumbani, kama inavyofanyika sehemu nyingi, udongo umepoteza hizo kilo 11 na nusu zote. Akipura shambani na kutandaza makapi, bado amepoteza kilo 6 na nusu. Maharage hayakuongeza chochote.

Kwa nini basi mahindi yanayofuata maharage hustawi kuliko yanayofuata mahindi? Kwa sababu maharage yalichukua udongoni nusu ya kile ambacho mahindi yangechukua, na masalia yao huoza haraka, wakati mabua ya mahindi yana kaboni nyingi mno hivi kwamba vijidudu vinavyoyaozesha huiteka naitrojeni ya udongo kwa muda na kuinyima mimea michanga. Huko ni kuokoa, si kuongeza. Mwanafunzi anayeandika sentensi hiyo mtihanini na kuitegemeza kwa kilo 23 dhidi ya 11 na nusu anaonyesha uelewa ambao orodha ya faida kumi haiwezi kuuonyesha.

Linganisha na mbaazi za muda mrefu, zinazokaa shambani miezi minane na zaidi. Zikitoa nazo kilo 400 za punje, kinachotoka kwenye magunia ni kilo 14 zile zile. Lakini tuchukulie mmea umekusanya kilo 30 na robo tatu ya hizo imetoka hewani, yaani kilo 22 na nusu. Majani yake huanguka shambani kabla ya mavuno na hakuna anayeyaokota. Hata vijiti vikichukuliwa kuwa kuni na kuondoka na kilo 4 nyingine, ekari imebaki na faida ya kilo 4 na nusu hivi. Tofauti kati ya mikunde miwili haimo katika jina la familia. Imo katika sehemu ya naitrojeni inayotoka hewani na sehemu inayobebwa kwenda nyumbani. Mstari wa mwisho wa ukurasa huu uwe wa fosforasi, maana hapo mzunguko hauna msaada wa kuingiza kitu: tani ya punje za mahindi huondoka na kama kilo 3, hakuna bakteria anayeivuta kutoka hewani, na pengo lake huzibwa kwa samadi au kwa mbolea, iwe DAP au ile ya Minjingu inayotokana na mwamba wa fosfeti wa Manyara.

Faida kubwa ya hesabu hii huonekana kwenye mtihani wa vitendo. Mtahiniwa akipewa mche wa maharage na kuulizwa kama unavuta naitrojeni, anajua kwamba anakagua ile asilimia 40 ya karatasi yake. Mche unaofaa ni wa wakati wa kutoa maua, unachimbwa kwa jembe au koleo pamoja na bonge la udongo, kisha udongo unaoshwa taratibu kwenye ndoo. Ukivutwa kwa mkono vinundu vingi hubaki ardhini na jibu linakuwa la uongo. Kinundu kinakatwa katikati kwa wembe. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, kinafanya kazi; kikiwa cheupe bado hakijaanza au bakteria walioingia hawafai; kikiwa cha kijani au kahawia kimemaliza muda wake. Kuhesabu vinundu bila kuvipasua ni kosa la kawaida, na linagharimu alama. Mizizi ikiwa mitupu, karatasi ile ile inaelekeza maswali: je, udongo una asidi kali, pH chini ya 5.5? Je, fosforasi ni haba? Je, shamba lilipewa urea nyingi, mmea ukaona hauna haja ya bakteria? Sura ya pH, sura ya fosforasi na sura ya mikunde, ambazo daftarini zimekaa mbalimbali, zinakutana kwenye mzizi mmoja.

Yapo mapingamizi, na la kwanza ni kwamba namba hizi hubadilika kutoka shamba hadi shamba. Ni kweli. Asilimia ya naitrojeni kwenye punje hupanda na kushuka kulingana na mbegu na udongo, na ile ya uvutaji hubadilika zaidi. Ndiyo maana kila namba iandikwe ikiwa na neno "tuchukulie" mbele yake, na mwanafunzi ajaribu kubadilisha moja aone jibu linakwenda wapi. Akiyapa maharage asilimia 60 badala ya 40, uvutaji unafika kilo 11 na ushee, na pengo la aliyeacha makapi shambani linashuka hadi chini ya kilo 3. Linapungua, lakini halijafutika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mwongozo wa kusahihisha hutoa alama kwa hoja, na swali likidai faida sita, hesabu moja haitajaza nafasi sita. Sikubaliani kwamba orodha ndiyo dawa. Kila mstari wa hesabu ni hoja yenye maelezo yake: kiasi kinachotoka na punje, mabua kubaki au kuondoka, uvutaji wa hewani, kasi ya kuoza, majani yanayoanguka, mizizi ya mbaazi inayofika chini kuliko ya mahindi na kurudisha juu kilichozama. Sita zimeshatimia, na hakuna iliyokaririwa. Fasili za maneno ziandikwe pembeni kwa ufupi, maana hizo kweli hukaririwa.

La tatu sina namna ya kulikanusha. Baadhi ya manufaa ya mzunguko hayahesabiki kwa kilo za naitrojeni kabisa. Kiduha hutoa mbegu ndogo mno zinazokaa udongoni miaka mingi zikingoja mizizi ya mahindi au mtama. Pamba na karanga huzichochea ziote, kisha hazipati wa kumnyonya zikafa. Mnyauko bakteria wa viazi mviringo nao hauvunjwi kwa kufuatisha nyanya, bilinganya au pilipili, kwa kuwa zote ni za familia moja na zote huugua. Kwa hayo kunahitajika ukurasa wa pili, wenye familia za mazao upande mmoja na adui anayebaki udongoni upande wa pili, na anayejiandaa kwa mtihani Mbeya au Njombe, ambako viazi ni zao kubwa, auandike huo mapema sawa na ule wa kwanza.