Nyuki wa Kwenye Nembo ni Mali ya Nani?

Mwenye kiwanda kidogo cha kufungasha asali Singida anamwagiza mbunifu wa grafiki amtengenezee nembo. Tuseme mbunifu anaandika maelezo mafupi kwenye Midjourney, anapata nyuki aliyetua juu ya alizeti, ananyoosha kingo, anaongeza jina la bidhaa, kisha anatuma faili pamoja na ankara. Mteja anapenda. Tatizo liko wapi?

Haliko kwenye programu. Liko kwenye kile mteja anachodhani amenunua: mchoro wenye hakimiliki, ambao mshindani akiuiga atashitakiwa. Huenda sivyo. Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iliamua kuhusu kitabu cha katuni cha Kris Kashtanova, Zarya of the Dawn. Maneno na mpangilio wake vikabaki na ulinzi. Picha zilizotoka Midjourney zikanyimwa, kwa kuwa hazikuwa kazi ya mkono wa binadamu. Sheria ya Kenya imeshika njia nyingine: kazi iliyozalishwa na kompyuta huhesabiwa kuwa ya mtu aliyefanya maandalizi ya kuizalisha. Asali ikivuka mipaka, nyuki yuleyule anaweza kuwa na mwenyewe huku na kukosa kule.

Kinga nyingine ni kuisajili nembo kuwa alama ya biashara, ambayo kwa Tanzania Bara husajiliwa BRELA. Kinachopimwa hapo ni kama alama inaitofautisha bidhaa na kama haigongani na ya mwingine. Mchoraji si hoja. Lakini mteja anayeamini kwamba tayari analindwa hana haraka ya kwenda kusajili. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kumwambia, na aambiwe wakati wa kupatana bei, wala si siku ya kudai malipo.

Si kila kitu cha kutangaza. Kusahihisha tahajia, kufuta mandhari nyuma ya chupa au kujaribu mawazo yatakayotupwa ni kazi za ndani, isipokuwa mkataba unakataza. Kipimo changu ni kimoja: kuna kitu cha mashine kitakachobaki ndani ya kazi anayokabidhiwa? Kwa maandishi ya lebo ni hivyohivyo, na hapo kuna hatari ya ziada: programu inaweza kudai asali inatibu vidonda vya tumbo, na atakayebanwa na wakaguzi ni mwenye chupa. Orodha ya wanunuzi au bei za jumla za mteja zisiingizwe humo bila ruhusa yake.

Sentensi ya kuweka kwenye makubaliano haihitaji wakili: “Mchoro wa nyuki utaanzia kwenye programu ya akili mnemba; maandishi na mpangilio nitatengeneza mwenyewe. Ukitaka nyuki achorwe kwa mkono, bei itaongezeka.” Wengine watachagua rahisi na kwenda zao BRELA. Wengine wataongeza hela.