Taja Shida Kwanza, Namba Baadaye

Mtu anayepiga simu mamlaka ya maji huwa na jambo moja kichwani: bomba limepasuka mbele ya nyumba, au bili imekuja kubwa kuliko kawaida. Anapokelewa na sauti iliyorekodiwa. Tuchukue mfano wa maelekezo ya aina ambayo wengi wetu tumeyasikia:

"Karibu Mamlaka ya Maji, ambako kuridhika kwa mteja ndiyo dira yetu. Tafadhali sikiliza kwa makini. Bonyeza moja kwa Idara ya Biashara. Bonyeza mbili kwa Idara ya Ufundi na Usambazaji. Bonyeza tatu kwa Idara ya Fedha. Bonyeza nne kwa Idara ya Utumishi."

Sarufi yake haina kasoro, lakini mwenye bili kubwa atapotea. Je, aende Biashara au Fedha? Hajui, kwa sababu idara ni mpangilio wa ndani wa ofisi. Atasubiri orodha iishe, atarudia kuisikiliza, kisha atabahatisha. Kama laini si ya bure, salio lake linakatika muda wote huo.

Kosa la pili limejificha kwenye mpangilio wa maneno. Namba imetajwa kabla ya huduma, kwa hiyo msikilizaji analazimika kuishika kila namba akilini kabla hajajua kama inamhusu. Akisikia huduma anayoitaka, namba yake imeshapita. Huduma ikitangulia, mtu huziacha zisizomhusu zipite, na akiisikia yake anakaa tayari kupokea namba. Kwa kuwa namba ndilo neno la mwisho kusikika, kidole kinaifuata papo hapo.

Sasa tuyaandike upya:

"Karibu Mamlaka ya Maji. Kama bomba limepasuka au maji hayatoki, bonyeza moja. Kwa bili na malipo, bonyeza mbili. Kuunganishiwa maji kwa mara ya kwanza, bonyeza tatu. Kuzungumza na mhudumu, bonyeza sifuri."

Salamu imebaki maneno manne, yanayotosha kumhakikishia mpigaji kwamba hakukosea namba. Huduma zimetajwa kwa maneno ambayo mteja mwenyewe angeyatumia, na zote ni nne tu. Ofisi yenye huduma nyingi izigawe katika makundi machache, kila kundi na orodha yake fupi, lakini isimpitishe mpigaji kwenye zaidi ya ngazi mbili. Kila ngazi inampa nafasi nyingine ya kupotea.

Nani apangwe wa kwanza? Waulize wanaopokea simu. Waandike kwa wiki moja kila anachoulizwa mhudumu, kwa maneno ya wapigaji wenyewe. Dharura itangulie, kisha linaloulizwa zaidi lifuate. Orodha hiyo pia itakupa msamiati wa kutumia. Ikiwa watu wanasema "maji hayatoki", usiandike "hitilafu ya usambazaji".

Ofisi inayohudumia kwa lugha mbili iweke chaguo la lugha mwanzoni, na kila lugha itajwe kwa lugha hiyo yenyewe. Asiyejua Kiswahili hawezi kuelewa sentensi ya Kiswahili inayomwambia achague Kiingereza.

Kisha fikiria mikono ya mpigaji. Anayetumia simu ya mkononi huitoa sikioni, huwasha kioo na kutafuta vitufe. Mpe sekunde tano au zaidi baada ya chaguo la mwisho. Asipobonyeza kitu, rudia chaguo tu bila salamu. Akibonyeza namba isiyokuwepo, mwambie: "Namba hiyo haipo kwenye orodha," kisha usome orodha tena. Akishindwa mara ya pili, mpeleke kwa mhudumu, na usikate simu. Naye aliyeizoea orodha aruhusiwe kubonyeza kabla maneno hayajaisha.

Msomaji atakayerekodi asikimbilie. Simu ya kawaida hupunguza sauti nyembamba kama za herufi *s* na *f*, na "tatu" na "tano" huanza kwa silabi ileile. Atulie kidogo kabla ya kila namba na aitamke hadi silabi ya mwisho.

Baada ya kuanza kutumika, kumbukumbu za mfumo zitaonyesha kama maelekezo yanaeleweka. Wengi wakirudia orodha, wakikimbilia sifuri, au wakikata kabla haijaisha, kuna sentensi isiyoeleweka. Mhudumu wa bili akipokea simu nyingi za mabomba, jina la chaguo fulani linapotosha.

Wakuu wa ofisi, kabla ya kulipia studio, mtafuteni mtu asiyefanya kazi kwenu. Mpeni shida moja, msomeeni maelekezo kwa simu mara moja tu, kisha mwulizeni angebonyeza namba gani. Akisita, andikeni upya.